Njia Tatu za Ushindani na Hatari ya Kukwama Katikati

Kwa mujibu wa Michael Porter, mtaalamu wa Chuo Kikuu cha Harvard aliyeandika juu ya jambo hili mwaka 1980, kampuni ina njia kuu tatu za kuwashinda wapinzani wake.

Ya kwanza ni kuwa na gharama ndogo kuliko wote. Kinachoangaliwa hapa ni gharama, si bei: mwenye gharama ndogo huendelea kupata faida hata bei za soko zikishuka hadi wenzake waanze kula hasara. Ya pili ni utofautishaji, yaani kutoa kitu ambacho mteja hakipati kwingine na yuko tayari kukilipia zaidi. Nyongeza hiyo ya bei lazima izidi gharama ya kukiandaa. Ya tatu ni kujikita kwenye kundi moja la wateja au eneo moja, na kulihudumia kwa gharama ndogo au kwa upekee kuliko anayehudumia wote.

Shirika la ndege la Southwest la Marekani lilianza safari mwaka 1971 likiwa limejikita kwenye miji mitatu tu ya jimbo la Texas. Baadaye lilipanuka, lakini gharama zake zilibaki chini. Kwa miaka mingi lilitumia Boeing 737 pekee, hivyo mafundi na marubani walihitaji kuijua ndege moja tu. Halikugawa chakula, halikupangia abiria viti, wala halikuhamishia mizigo kwenye ndege za mashirika mengine. Ndege ilipotua iliondoka tena upesi, ikafanya safari nyingi kwa siku.

Mwaka 1993 shirika la Continental liliamua kuiga. Lilianzisha huduma iliyoitwa Continental Lite, likaondoa chakula na daraja la kwanza, likapunguza nauli na kuongeza safari. Lakini lilitaka pia kubaki na huduma zake kamili kwenye njia nyingine. Kwa hiyo liliendelea kutumia ndege za aina mbalimbali, kupanga viti na kuhamisha mizigo. Ndege zikachelewa kwenye viwanja vyenye msongamano, na malalamiko yakazidi. Nauli ndogo haikutosha kulipa kamisheni ya kawaida ya mawakala wa tiketi, nao mawakala walihitajika kwa safari za huduma kamili. Shirika likapunguza kamisheni kote, na marupurupu ya abiria wa mara kwa mara pia, likawaudhi hata waliokuwa wakililipa vizuri. Huduma hiyo ilifungwa mwaka 1995 baada ya hasara ya mamia ya mamilioni ya dola.

Huko ndiko kukwama katikati: anayetafuta nauli ndogo huenda kwa mwenye gharama ndogo, na anayetaka huduma bora huenda kwa aliyejitofautisha. Dalili huonekana mapema. Bei hushushwa ilhali gharama hazijashuka, na kila kinachopunguzwa kwa ajili ya mteja mmoja humuumiza mwingine.