Sekunde Moja ya Ngumi ya Katuni

Simamisha katuni ya mapigano pale pale ngumi inapotoka, kisha isogeze picha moja moja. Kwenye YouTube, ukiwa na kompyuta, unasimamisha video halafu unabonyeza `.`. Kwenye VLC unabonyeza `E`. Utakutana na vitu ambavyo hukuviona filamu ilipokuwa ikienda: mkono usio na kiwiko, umevutika kama unga wa chapati, ngumi tatu kwenye mkono mmoja, halafu ghafla picha nzima imekuwa nyeusi na watu wamebaki mistari myeupe, na mwisho ukumbi wote umeruka upande. Ukizitazama moja moja utadhani mchoraji alikosea. Zikipita kwa kasi yake, unajikuta umekunja uso kana kwamba umepigwa wewe.

Filamu huonyesha fremu 24 kwa sekunde, yaani kila fremu hukaa mbele ya macho kwa kama milisekunde 42. Ngumi kali huvuka nusu ya skrini ndani ya muda huo. Kamera ya kawaida haisumbuki na jambo hili, kwa sababu shata inakuwa wazi wakati mkono unasafiri, na mkono unaacha ukungu wa mwendo kwenye picha. Mchoro hauna shata. Ukichora mkono nyuma kwenye fremu moja na mkono mbele kwenye fremu inayofuata, yote miwili ikiwa safi na kamili, jicho haliunganishi safari yake. Linaona mkono umetoweka hapa na kuibuka kule, na ngumi inakosa uzito.

Dawa yake ni fremu ya mburuzo: mchoro mmoja unaobeba safari nzima. Mfano unaotajwa sana ni *The Dover Boys*, katuni ya Warner Bros. ya mwaka 1942 iliyoongozwa na Chuck Jones. Wahusika wake husimama tuli katika mkao mmoja, kisha hufika kwenye mkao mwingine kwa mchoro mmoja au michache ya mwili uliorefuka na kupakazwa kutoka pointi ya kwanza hadi ya pili. Pale ilikuwa ya kuchekesha. Wachoraji wa mapigano, hasa Japani, wameitumia mbinu hiyo hiyo kutia kasi inayotisha.

Tuchukue ngumi moja. Mpiganaji yuko kushoto, adui yuko kulia, shabaha ni kidevu. Fremu ya 1 hadi ya 8 anavuta mkono nyuma, bega linazunguka, uzito unahamia mguu wa nyuma. Fremu ya 9 hadi ya 12 anatulia, karibu asisogee kabisa. Nusu sekunde imekwisha na ngumi bado haijaondoka. Wanaoanza kazi hii hupunguza sehemu hii wakidhani wanaongeza kasi, na hapo ndipo wanapoiua ngumi, kwa maana mtazamaji hawezi kuona haraka ya kitu ambacho hakukiona kikiwa kimetulia.

Fremu ya 13 ni mburuzo. Mkono unachorwa kama utepe unaoanzia begani na kukaribia kidevu. Ukingo wa mbele, penye vifundo vya vidole, unachorwa kwa mstari mkali. Ukingo wa nyuma unachanika kuwa mikwaruzo. Utepe huo lazima ufuate njia ya kweli ya ngumi. Ngumi ya kuzungusha hupita kwenye upinde, na ukichora utepe ulionyooka, mkono utaonekana umekatiza njia. Kwa ngumi kama hii mburuzo unatosha kuwa fremu moja, labda mbili. Ukifika fremu tatu au nne, mtazamaji anaanza kuuona mchoro wenyewe, na mfupa unageuka mpira.

Sasa fremu ya kishindo. Fremu ya 14 inafuta rangi zote: usuli mweusi, miili miwili kwa mistari myeupe, na miali inayotawanyika kutoka pale ngumi ilipogusa. Fremu ya 15 inageuza: usuli mweupe, mistari myeusi. Yoshinori Kanada, mchoraji wa Kijapani aliyefariki mwaka 2009, ni miongoni mwa wanaotajwa sana kwa kuipa anime ladha hii ya milipuko na miali yenye pembe kali, na wengi waliofuata wamechota kwake. Mtazamaji hapati muda wa kusoma kilichochorwa. Anachopokea ni badiliko la ghafla la mwanga kwenye skrini nzima. Ndiyo maana mchoro uwe mchache. Ukijaza mikunjo ya nguo na nywele, kinachobaki ni vurugu. Pale ngumi ilipogusa pasihame kati ya fremu ya 14 na ya 15, kwa sababu ndipo jicho lilipoelekea, na ukilihamisha unalipotezea shabaha.

Rangi zinarudi fremu ya 16, lakini adui haruki bado. Ngumi imezama shavuni, shingo imepinda, na mkao huo unashikiliwa hadi fremu ya 18. Ndilo jambo ninalolipenda kuliko yote katika kazi hii: nguvu kubwa inaonyeshwa kwa kusimamisha mwendo. Watengenezaji wa michezo ya video ya kupigana wanalijua pia. Wapiganaji wote wawili hugandishwa kitambo kidogo pigo linapotua.

Wakati miili imeganda, picha nzima ndiyo inayotikisika. Kwenye skrini yenye upana wa pikseli 1920, fremu ya 16 inasogea kulia pikseli 24, ya 17 kushoto 16, ya 18 kulia 10, ya 19 kushoto 6, ya 20 kulia 3, kisha inatulia. Mruko wa kwanza unafuata mwelekeo wa ngumi, na kila mruko unakuwa mdogo kuliko uliotangulia. Mtikiso usiopungua unaonekana kama kamera mbovu, na ukianza kabla ya mguso unatoboa siri ya pigo. Picha pia ikuzwe kidogo: kwa asilimia 105 unapata akiba ya pikseli 48 kila upande. Bila akiba hiyo, mstari mweusi utachungulia ukingoni kila picha inaporuka.

Kazi safi inaweza kuharibika wakati wa kuihifadhi. Video ya fremu 24 ikigeuzwa kuwa ya fremu 30, kwa kawaida fremu moja katika kila nne hurudiwa. Ikiangukia fremu ya 13, mburuzo umekuwa mrefu maradufu bila mtu kuugusa. Kwa hiyo faili la mwisho nalo lipitiwe fremu kwa fremu.

Kuna mpaka mwingine, na huu unahusu afya. Desemba 1997 kipindi kimoja cha *Pokémon* nchini Japani kilionyesha mwanga mwekundu na wa bluu ukipishana kwa kasi ya takriban mara 12 kwa sekunde, na watazamaji zaidi ya 600, wengi wao watoto, wakapelekwa hospitali, baadhi wakiwa na degedege. Kanuni inayotumika sana leo ni kutozidisha mimweko mitatu katika sekunde moja. Ngumi yetu ina mmweko mmoja, haina tatizo. Mfululizo wa ngumi nane ndani ya sekunde mbili ukivuka kila mmoja kutoka nyeusi hadi nyeupe, tatizo lipo. Hapo fremu ya kishindo iwekewe ngumi ya mwisho peke yake, na zile saba zibebwe na mburuzo na mtikiso mdogo wa pikseli tano au sita.