Ruta Moja, Kompyuta Nne, Moja Inakokota

Stesheneri ina kompyuta nne kwenye ruta moja. Tatu zinafungua kurasa mara moja. Ya nne, laptopu ya mtumba iliyowahi kutumika ofisini, hukaa kimya sekunde kadhaa kabla ya kila ukurasa, hata ule mwepesi. Lakini ukurasa ukishaanza kuja, unamiminika wote. Kimya hicho cha mwanzo ndicho cha kukizingatia. Kama mtandao wenyewe ungekuwa umeelemewa, kompyuta zote zingesuasua, na picha zingeingia kidogokidogo hadi mwisho. Hapa kuna kitu ndani ya laptopu kinachozuia ombi kabla halijatoka.

Anza na proksi, yaani seva ya kati ambayo baadhi ya ofisi hupitishia maombi ya wafanyakazi wote. Kwenye Windows 11, fungua Settings, Network & internet, kisha Proxy. Katika laptopu hii, Use setup script ilikuwa imewashwa, na anwani yake ilianza na 10. Anwani ya aina hiyo ni ya mtandao wa ndani wa ofisi ile. Hapa stesheneri hakuna wa kuitikia. Kivinjari kinaita, kinangoja mpaka kikate tamaa, ndipo kinakwenda moja kwa moja. Ukitazama kwenye kona ya chini ya Chrome wakati huo, huenda ukaona maneno Resolving proxy au Downloading proxy script. Mpangilio huo ulizimwa.

Kurasa za kwanza baada ya kuwasha kivinjari zikaacha kukwama. Hata hivyo, kila ukurasa mpya bado ulichelewa kidogo, na hapo ndipo zamu ya antivairasi ilipofika. Nyingi kati yake hukagua wavuti kwa kuufungua mawasiliano yaliyofumbwa, kuyasoma, kisha kuyafumba upya kwa cheti chake yenyewe. Bonyeza alama iliyo kando ya anwani ya tovuti, fungua maelezo ya cheti, usome Issued By. Ukikuta jina la antivairasi, ujue ndiyo iliyokaa katikati. Usipolikuta, usiiondoe kwenye orodha ya washukiwa, maana nyingine hukagua bila kubadilisha cheti.

Laptopu hii ilikuwa na antivairasi mbili, ya mwenye zamani na ya mwenye sasa, na kila ombi likikaguliwa mara mbili. Kuthibitisha, zima ukaguzi wa wavuti peke yake, si ulinzi wote, fungua tovuti moja unayoiamini, kisha uuwashe tena. Tofauti ikionekana, ondoa antivairasi moja kwa zana ya kuondolea ya mtengenezaji wake, kwa sababu kuifuta kawaida kunaweza kuacha vichujio vya mtandao nyuma, halafu washa kompyuta upya.

Jambo moja la kuogopa kwa dhati: ukizima proksi ya 127.0.0.1 na kesho yake ukaikuta imerudi, kuna programu ndani ya kompyuta inayoirudisha. Inaweza kuwa ya halali uliyoiweka mwenyewe, inaweza kuwa kirusi kinachosoma unachokifungua. Usiingie benki kwenye kompyuta hiyo mpaka uijue ni ipi.