Kamera Inaposema 0.94

Kamera iliyofungwa kwenye shina la mti huko Serengeti haichagui cha kupiga. Kitu chenye joto kikikatiza mbele yake, mchana au usiku, inafyatua. Nyasi zilizochomwa na jua zikiyumba kwa upepo, inafyatua pia. Mwaka 2010 mtafiti Alexandra Swanson wa Chuo Kikuu cha Minnesota alianza kutega kamera za aina hiyo, na mradi wake ukafikia kamera 225 zilizosambazwa kwenye kilomita za mraba 1,125. Miaka michache baadaye picha zilikuwa zimefika milioni 3.2, na sehemu kubwa ya hizo hazikuwa na mnyama yeyote.

Kazi ya kuzitazama ilifanywa na maelfu ya watu wa kujitolea, kila mmoja kwenye kompyuta yake, akibofya jina la mnyama anayemwona: nyumbu, pundamilia, swala tomi, fisi. Kisha mwaka 2018 Mohammad Norouzzadeh na wenzake walitangaza kwamba kompyuta iliyofundishwa kwa picha hizohizo inaweza kuchukua asilimia 99.3 ya kazi hiyo kwa usahihi uleule wa wale watu, yaani asilimia 96.6. Walikadiria kwamba zaidi ya saa 17,000 za kazi ya binadamu zingeokolewa.

Siri ya matokeo hayo imo kwenye namba moja ndogo. Kila kompyuta inapotaja mnyama, hutoa na kiwango cha uhakika wake kati ya sifuri na moja. Sifuri maana yake haiamini hata chembe, na moja maana yake haina shaka kabisa. Watafiti huweka mpaka: picha iliyouvuka inapokelewa bila kutazamwa tena, na iliyobaki chini yake inarudishwa kwa watu. Kwa hiyo namba hii si pambo. Ndiyo inayoamua nani atazame nini, na ikidanganya, kosa linaingia kwenye hesabu ya wanyama bila jicho la mtu kuligusa.

Namba hiyo inatoka wapi? Modeli haianzi na uhakika, inaanza na alama. Tuseme mbele yake kuna mnyama mweusi mwenye pembe, na imempa nyumbu alama 6, nyati 3 na kongoni 1. Alama hizi hazina kipimo cha kueleweka, kwa hiyo zinapitishwa kwenye hesabu fupi: namba 2.718 inapandishwa kwa kipeo cha kila alama, kisha kila jibu linagawanywa kwa jumla ya majibu yote. Nyumbu anapata kama 403, nyati 20, kongoni karibu 3. Jumla ni 426 hivi, na nyumbu anaondoka na 0.95. Nyati anabaki na 0.05, kongoni na chini ya 0.01.

Hapo ndipo msomaji mwangalifu anapaswa kusimama. Hakuna hatua hata moja katika hesabu hiyo ambapo modeli imejiuliza imekosea mara ngapi huko nyuma. Imegawana tu fungu la moja kati ya majina yaliyomo kwenye orodha yake. Ukizigawanya zile alama kwa mbili kabla ya kupandisha vipeo, nyumbu bado anaongoza, jibu halijabadilika, lakini uhakika umeshuka hadi 0.77 hivi. Picha ni ileile na mnyama ni yuleyule. Ipi kati ya 0.95 na 0.77 ni ya kweli? Kwa kuiangalia namba peke yake, haiwezekani kujua.

Njia ya kujua ni ya kizamani na inachosha: kukagua. Zinakusanywa picha nyingi ambazo modeli imezipa uhakika wa karibu 0.9, kisha mtu anayewajua wanyama anazipitia moja moja. Kama katika picha 200 modeli imepatia 180, 0.9 yake ni ya haki. Kama imepatia 140, basi inaposema 0.9 isomeke 0.7. Ni kama mizani ya dukani: namba inayoonyesha haina maana mpaka iwekewe jiwe ambalo uzito wake unajulikana.

Mwaka 2017 Chuan Guo na wenzake wa Chuo Kikuu cha Cornell walizifanyia modeli za picha ukaguzi wa namna hiyo, na wakakuta jambo la kushangaza. Modeli ndogo ya miaka ya 1990 ilikuwa ikikosea zaidi, lakini uhakika wake ulilingana vizuri na usahihi wake. Modeli kubwa za kisasa zilipatia mara nyingi zaidi, lakini zilijiamini kupita kiasi. Sababu mojawapo ni mafunzo yenyewe. Modeli ikishajua kwamba picha ni ya nyumbu, bado inapata faida kwa kusukuma uhakika wake kutoka 0.9 kwenda 0.99, na modeli kubwa ina nguvu za kufanya hivyo kwa kukariri. Dawa waliyoipendekeza inafanana na ule mgawanyo kwa mbili: kugawanya alama zote kwa namba moja, inayochaguliwa kwa kutumia picha ambazo majibu yake yanajulikana.

Dawa hiyo inafaa, ila ina mipaka yake, na kwa kazi ya wanyamapori mipaka hiyo ni mikubwa.

Wa kwanza ni wastani. Tuchukue picha 500 zilizovuka 0.9, ambapo 480 zimeitwa nyumbu na 20 zimeitwa kicheche, yule mnyama mdogo mwenye mistari myeupe mgongoni. Za nyumbu 470 ni sahihi, za kicheche 8 tu. Kwa jumla ni 478 kati ya 500, karibu asilimia 96, na ripoti inapendeza. Lakini anayechunguza vicheche ana data ambayo zaidi ya nusu yake ni uongo. Nyumbu, kwa wingi wao, wamemfunika. Ukaguzi wa maana unafanywa kwa kila mnyama peke yake, na pale wachache walipo adimu, picha zao zote zitazamwe na mtu.

Wa pili ni orodha. Modeli isiyo na jina la ng'ombe haiwezi kusema ng'ombe. Ng'ombe akipita mbele ya kamera, fungu la moja litagawanywa kama kawaida, na huenda nyati akapewa sehemu kubwa kwa uhakika usio na haya.

Wa tatu ni mahali. Mwaka huohuo wa 2018 Sara Beery na wenzake wa taasisi ya Caltech, wakitumia picha za kamera za kusini-magharibi mwa Marekani, walionyesha kwamba modeli hufanya vibaya zaidi inapopelekewa picha za kamera ambazo haijawahi kuziona. Mfano wao maarufu ni wa ng'ombe anayetambulika vizuri malishoni lakini si ufukweni. (Mtu wa Nungwi, aliyezoea kuona ng'ombe wakitembea mchangani, angewacheka.) Modeli ilikuwa imejifunza mandhari pamoja na mnyama.

Kwa hiyo mpaka uliofaa Serengeti haubebwi ukapelekwa Ruaha au Tsavo kama ulivyo. Udongo ni mwingine, vichaka ni vingine, kamera imefungwa kwa urefu mwingine. Kabla ya kuiachia modeli picha za hifadhi mpya, watafiti hulazimika kuchota sampuli kutoka kamera za hapohapo, kuipitia kwa macho, na kupanga mpaka upya kwa kila aina ya mnyama. Msimu ukibadilika, nyasi zikarefuka hadi kumficha swala tumboni, sampuli inachotwa tena.