Je, Wajua? Hifadhidata ya Makampuni ya Ng'ambo na Hisa za Kabolela

Mtu wa Kapolowe anayejua uvuvi wa Ziwa Tshangalele anajua pia kwamba shaba na kobalti ya eneo lake hubadilisha wamiliki bila yeye kuambiwa. Mgodi uko palepale, lakini hisa zake zinauzwa visiwani, mbali na Likasi. Je, anaweza kuchunguza mnunuzi ni nani?

Kipo chombo cha bure. Muungano wa kimataifa wa wanahabari wapekuzi, ICIJ, ulifungua mwaka 2013 hifadhidata iliyoko kwenye offshoreleaks.icij.org. Leo ina makampuni, amana na mifuko zaidi ya 810,000, kutokana na nyaraka zilizovuja kutoka kwa mawakala wanaosajili makampuni kwa niaba ya wengine. Sehemu mashuhuri zaidi ni Nyaraka za Panama za 2016, zilizotoka kwa kampuni ya mawakili ya Mossack Fonseca.

Tuchukue mfano wa jirani. Upande wa magharibi wa Likasi kuna Kabolela na Kipese, maeneo yaliyoipa jina kampuni ya SMKK. Nusu ya SMKK ilikuwa mali ya Gécamines, shirika la serikali. Mwanzoni mwa 2010 Gécamines iliuza nusu hiyo kwa dola milioni 15. Mnunuzi aliitwa Emerald Star Enterprises Limited, kampuni ya Visiwa vya Virgin vya Uingereza iliyohusishwa na mfanyabiashara Dan Gertler. Katikati ya mwaka huohuo hisa hizo ziliingia mikononi mwa kampuni ya madini ya ENRC, ambayo kwa jumla ililipa dola milioni 75. Tofauti ya milioni 60 haikufika kwenye hazina ya Kongo. Gertler amekana daima kufanya kosa.

Mtafutaji huanza kwa kuandika jina bila “Limited”, kisha hulijaribu kwa tahajia nyingine. Likitokea, asikimbilie kusema “nimempata”. “Emerald Star” ni jina la kawaida, na makampuni mawili yanaweza kuitwa hivyo katika nchi mbili tofauti. Aangalie nchi ya usajili, tarehe ya kuundwa, wakala, na nyaraka zilikotoka. Tarehe ndiyo shahidi mzuri kuliko wote: kampuni iliyoundwa baada ya mauziano haiwezi kuwa mnunuzi. Anwani husaidia kidogo tu, kwa kuwa anwani moja ya Tortola, katika Visiwa vya Virgin, hutumiwa na maelfu ya makampuni ya wakala mmoja. Hata jina la mwanahisa laweza kuwa la mtu aliyewekwa kumfunika mwenye mali, au neno “The Bearer”, maana yake yeyote anayeishika hati ya hisa.

Na jina lisipotokea? Hapo ndipo watu wengi hukosea. Visiwa vya Virgin vina mawakala wengi, na hifadhidata imewanasa wale tu ambao faili zao zilivuja. Tena kila mvujo una mwisho wake: taarifa za Panama zinaishia 2015, kwa hiyo kampuni iliyoundwa jana haimo. Kukosekana kwa jina hakumsafishi mtu, kama vile kuonekana kwake hakumtii hatiani. ICIJ wenyewe wanasema wazi kwamba makampuni ya ng'ambo yana matumizi halali.

Kikomo kizito zaidi ni hiki: hifadhidata inaonyesha majina na mafungamano yao, haionyeshi mikataba, barua pepe wala miamala ya benki. Mvujo mwingine, Nyaraka za Paradiso za 2017, ulifichua kwamba kampuni ya madini ya Glencore iliikopesha Lora Enterprises ya Gertler dola milioni 45 mwaka 2009, wakati mazungumzo na Gécamines kuhusu migodi ya Kolwezi yakiendelea. Habari hiyo waandishi waliipata ndani ya nyaraka zenyewe, ambazo umma haujawekewa zote. Ungeyatafuta majina peke yake, usingeuona mkopo huo.

Na hesabu ya SMKK haikutoka kwenye hifadhidata hii. Ilijengwa kwa matangazo ya ENRC, iliyokuwa kwenye soko la hisa la London, pamoja na taarifa za mauzo za Gécamines, hadi jopo la Africa Progress Panel lililoongozwa na Kofi Annan likaichapisha 2013 pamoja na mikataba mingine minne. Jumla ya hasara kwa taifa ilikadiriwa kuwa angalau dola bilioni 1.36.

Kwa hiyo anayelichunguza jina la kampuni ya mgodi aanze na mkataba wenyewe na bei iliyolipwa. Baada ya hapo afungue hifadhidata, kisha orodha ya vikwazo ya Marekani, ambako Gertler aliwekwa Desemba 2017. Wakazi wa Kapolowe wana haki ya kuidai karatasi ya kwanza, mkataba, kwa Gécamines na kwa wizara ya migodi.