Kweli au si kweli: kutoka daftari la kikao hadi mpango wa tiba shufaa

Mfano nitakaoutumia nimeuunganisha kutoka familia kadhaa, kwa hiyo asitafutwe mtu. Mama wa miaka 61, mkazi wa kijiji kimoja cha Muheza, ana saratani ya mlango wa kizazi. Alipata mionzi Ocean Road, uvimbe ukarudi, na madaktari wameeleza kwamba mionzi mingine haitamsaidia. Watoto wake, dada yake na shemeji mmoja wamekaa kikao na muuguzi wa tiba shufaa. Binti mdogo ndiye aliyeshika kalamu. Kikao kilipofungwa, daftari lilikuwa na mistari kama hii:

Mama ana maumivu, hasa usiku. Dawa ipo.
Kutokwa damu na harufu. Tutafute dawa.
Akizidiwa apelekwe hospitali.
Mama anataka kubaki nyumbani.
Kaka mkubwa atashughulikia simu.

"Muhtasari ukiwa mzuri, huo ndio mpango."

Si kweli, na hapa ndipo familia nyingi hukwama. Muhtasari unaeleza nani alisema nini. Mpango anausoma mtu aliyeko kando ya kitanda saa 9 usiku, mama analia, wengine wamelala, naye anataka kujua mkono wake uende wapi. Mtu huyo akisoma "dawa ipo" hajaambiwa kitu.

Basi muuguzi na yule binti walirudi kwenye mstari wa kwanza na kuuliza upya. Maumivu yako wapi? Kiunoni, yanashuka mguu wa kushoto. Makali kiasi gani? Walimwomba mama aonyeshe kwa vidole: ngumi iliyofungwa ni kwamba hakuna maumivu, vidole vitano ni maumivu yasiyovumilika. Mchana alionyesha viwili, usiku vinne. Anatumia nini? Mofini ya maji, aliyoandikiwa na daktari. Anainywa saa ngapi? Hapo ndipo ilipojulikana kwamba anapewa asubuhi na jioni tu, na usiku akilalamika anaambiwa avumilie mpaka kupambazuke.

Mofini ya maji hufanya kazi kwa takriban saa 4. Mpango ukaandikwa hivi: saa 12 asubuhi, saa 4 asubuhi, saa 8 mchana, saa 12 jioni, na saa 4 usiku dozi mara mbili, ili asiamshwe saa 8 usiku. Maumivu yakichomoza kabla ya saa kufika, apewe dozi moja ya ziada, iandikwe kwenye karatasi, na dozi ya kawaida isirukwe. Karatasi hiyo ya dozi za ziada ndiyo daktari anayoitazama anapoamua kama kiwango kiongezwe.

Halafu kipimo. Binti alikuwa ameandika "kijiko kimoja", na maneno hayo mawili yanaweza kuua. Mofini ya maji huchanganywa kwa nguvu tofauti: ipo yenye miligramu 5 katika kila mililita 5, na ipo yenye miligramu 50 katika ujazo uleule. Kijiko ni kilekile, dawa iliyomo ni mara kumi. Kwa hiyo mpango unataja miligramu, unataja mililita, na unataja nguvu iliyoandikwa kwenye chupa. Kwa mama huyu ilikuwa miligramu 5, yaani mililita 5 za chupa yenye miligramu 5 kwa mililita 5, zipimwe kwa bomba la sindano lisilo na sindano. Chupa mpya ikija, mtu asome lebo kabla hajapima.

Mstari wa damu na harufu nao ulipasuliwa vipande viwili. Harufu ya uvimbe wa aina hii hutokana na bakteria wanaoishi kwenye nyama iliyokufa, na metronidazoli huipunguza sana. Muuguzi aliandika namna ya kuitumia na siku ngapi. Kuhusu damu nitarudi.

"Mofini ndiyo inayommaliza mgonjwa."

Si kweli, ikitolewa kwa kipimo na kupandishwa taratibu. Shemeji alilisema hili kikaoni kwa sauti ya chini, na ni vizuri alisema, kwa sababu hofu hiyo ndiyo iliyofanya dozi za usiku zifichwe. Uganda imetumia mofini ya maji majumbani tangu Dk. Anne Merriman aanzishe Hospice Africa Uganda mwaka 1993, na tangu 2004 wauguzi waliosomea tiba shufaa nchini humo wanaruhusiwa kuiandika. Usingizi na kichefuchefu vya siku za mwanzo kwa kawaida hupungua. Kufunga choo hakupungui, na ndiyo maana mpango wenye mofini usio na dawa ya kulainisha choo una kasoro. Mama aliandikiwa bisakodili kila usiku, na pembeni binti akaongeza: asipopata choo siku 3, mpigie muuguzi.

Lakini kuna tahadhari inayomhusu mgonjwa huyu hasa. Saratani ya mlango wa kizazi inaweza kuibana mirija inayotoa mkojo kwenye figo. Figo zikilegea, mabaki ya mofini hujikusanya mwilini, na dozi iliyokuwa inamfaa wiki iliyopita inakuwa kubwa mno. Dalili zake zinaonekana kwa macho: mkojo umepungua sana, misuli inarukaruka, usingizi mzito ambao kumwamsha ni kazi, pumzi zinakwenda polepole kuliko kawaida. Mpango ukasema wazi kwamba akiwa hivi, dozi inayofuata isitolewe kwanza, mtu apige simu. Daktari atapunguza kiwango au atarefusha muda kati ya dozi. Kuisimamisha mofini ghafla na kuiacha hivyo kwa sababu ya hofu ni kumrudisha mama kwenye vidole vinne.

"Malengo ya mgonjwa yanasemwa na mkubwa wa familia."

Kuna ukweli kidogo hapa. Mtu wa pwani haugui peke yake, na kaka mkubwa asiposhirikishwa anaweza kuupindua mpango wote siku ya tatu. Ila rudi kwenye daftari usome mstari wa tatu na wa nne. Akizidiwa apelekwe hospitali. Anataka kubaki nyumbani. Wa kwanza ni wa kaka, wa pili ni wa mama, na hakuna aliyegundua kwamba inagombana, kwa sababu ilisemwa na watu wawili kwa nyakati mbili.

Nionavyo mimi, kazi ngumu kuliko zote ya kuandika mpango ni kuitafuta migongano ya namna hii na kuirudisha kwa mgonjwa mwenyewe kabla ya karatasi kuandikwa safi. Muuguzi alikaa na mama peke yake, akamuuliza: "Mama, kitu gani kinakutia hofu zaidi?" Hakutaja kifo. Alisema, "Naogopa kufia garini, mwanangu, njiani, na nguo zimelowa damu." Jibu hilo lilifungua mengi. Akaulizwa anataka nini katika wiki zinazokuja. Alitaka aweze kukaa kitako muda wa kuswali bila kuumwa, na awepo kwenye akdi ya mjukuu wake, ambayo familia ilikuwa imeipanga baada ya mavuno.

Lengo la namna hii linabadilisha mambo mengine. Dozi ya ziada inaweza kutolewa nusu saa kabla ya kuogeshwa au kubebwa kwenda kukaa. Na akdi, familia ilipoambiwa na muuguzi kwamba huenda mavuno yakawa mbali mno, iliisogeza ifanyike mapema zaidi. Lisingeandikwa kama lengo, lisingefikiriwa.

Matakwa yake yakaandikwa kwa maneno yake: abaki nyumbani, akipata homa au maumivu yanayoweza kutibika haraka yuko radhi kupelekwa hospitali ya wilaya na kurudi, mwili ukianza kuzimika asipelekwe popote. Aelekezwe kibla. Dada yake awepo katika kumwosha. Kaka alisomewa haya mbele ya mama, naye akakubali. Neno "akizidiwa" likafutwa, maana kila mtu alikuwa analielewa kivyake.

"Namba ya daktari mmoja inatosha."

Si kweli. "Kaka atashughulikia simu" ni ahadi nzuri, ila kaka anaishi Dar es Salaam. Usiku wa tatizo anayepiga ni binti, na simu yake huenda haina salio.

Mpango unaofaa unapanga namba kwa tatizo. Maumivu, choo, kichefuchefu, usingizi usio wa kawaida: muuguzi wa tiba shufaa, kuanzia asubuhi hadi jioni. Usiku: namba ya wodi ya hospitali ya wilaya, nayo ijaribiwe mchana kabla haijaandikwa, kwa sababu namba nyingi zilizobandikwa ukutani hazipokelewi. Dawa imebaki ya siku 5: kaka, maana mofini haipatikani kila duka la dawa na safari ya kuifuata inataka maandalizi. Usafiri: jirani mwenye gari, na jina la wa pili endapo hayupo. Mama akifariki: kwanza dada yake, kisha imamu, kisha ofisi ya mtendaji kwa ajili ya kuandikisha kifo. Muuguzi alisema pia kwamba akifariki kama ilivyotarajiwa, hakuna haja ya kumkimbiza hospitali.

Na sasa damu. Uvimbe wa hapo unaweza kuvuja kidogokidogo kwa miezi, au ukapasua mshipa na damu ikatoka nyingi kwa dakika chache. Hili la pili halitokei kwa kila mgonjwa, lakini likitokea bila maandalizi, walioshuhudia hulibeba miaka. Mpango ulisema: khanga na taulo za rangi nyeusi au nyekundu iliyokolea ziwekwe kwenye kapu chini ya kitanda leo, kwani kwenye shuka jeupe damu hutisha maradufu. Ikitoka kidogo, mpigie muuguzi. Ikitoka nyingi ghafla, mlaze kwa ubavu, mfunike, mtu mmoja amshike mkono na asiondoke, mwingine apige simu. Mama alikwisha sema hataki gari katika hali hiyo, na maneno yake yakaandikwa hapohapo kwenye mstari wa damu, ili binti asilazimike kuamua peke yake huku mikono inatetemeka.

"Ukishaandikwa, umeandikwa."

Si kweli. Tarehe ya kuupitia tena inaandikwa juu kabisa, na kwa mama huyu ilikuwa wiki 2. Kabla ya hapo upitiwe dalili mpya ikijitokeza, dozi za ziada zikizidi 3 kwa siku, au akishindwa kumeza. La kumeza liulizwe mapema: muuguzi ataonyesha jinsi ya kuweka kiasi kidogo cha mofini yenye nguvu zaidi kati ya shavu na fizi, kwa kipimo kipya alichoandika daktari, na dawa zipi za vidonge ziachwe.

Nakala moja ilibandikwa karibu na zilipo dawa, moja ikabaki kwa muuguzi, na ya tatu kaka aliipiga picha akaondoka nayo. Zile kurasa za daftari binti alizikunja akazihifadhi kando, zisije zikasomwa kwa makosa.