Gasketi ya printa ya 3D: kwa nini unene wa ukuta ndio huamua kama mvua itaingia

Msimu wa mvua ndefu, kuanzia Machi hadi Mei, ndio mtihani wa kila kisanduku cha umeme kilichotundikwa nje ya nyumba mjini Kigali. Kidhibiti cha umeme wa jua, kipimo cha mvua au taa ya mlangoni huharibika si kwa sababu kifuniko kimevunjika, bali kwa sababu ule mpira mwembamba unaoziba ukingo wake umekauka na kupasuka. Mpira wa namna hiyo, yaani gasketi, hauuzwi peke yake, na mara nyingi mwenye kisanduku hulazimika kununua kisanduku kipya.

Printa za 3D zimefungua njia nyingine. Karakana ya FabLab Rwanda, iliyopo Kacyiru, imekuwa ikiwafungulia wabunifu mashine za aina hiyo tangu mwaka 2016, na printa ndogo za mezani sasa zimo hata majumbani. Plastiki inayotumiwa kwa vitu vinavyonyumbulika huitwa TPU. Hata hivyo, wengi wanaojaribu kuchapa gasketi kwa TPU hupata kitu kigumu kisichoziba, au kitu laini kinachovuja. Sababu ya yote mawili ni moja: unene wa ukuta.

Tuanze na ugumu. TPU iliyo rahisi kuchapa huandikwa 95A kwenye gurudumu lake. Tairi la pikipiki huwa karibu 60 hadi 70 kwa kipimo hicho hicho, kwa hiyo plastiki tunayoiita laini ni ngumu kuliko tairi. Ukichapa pete nene iliyojaa na kuikaza kwa skrubu nne ndogo, kifuniko kitapinda kabla gasketi haijabonyea. Ziko TPU laini zaidi, lakini uzi wake hujikunja kati ya gia inayousukuma na nozeli, na kazi hukwama.

Suluhisho ni kuacha kutegemea kubonyea na kutumia kupinda. Ukanda mwembamba hupinda kwa urahisi hata kama umetengenezwa kwa kitu kigumu, na ugumu wake wa kupinda hufuata unene uliozidishwa kwa wenyewe mara tatu. Ukipunguza unene kwa nusu, ukanda huwa laini mara nane. Ndiyo maana sehemu za kumi za milimita, zinazoonekana kuwa si kitu, hubadili kila kitu hapa.

Je, kwa nini basi tusichape ukanda mwembamba kuliko wote? Kwa sababu printa haichori unene wowote unaotaka. Hulaza mistari ya plastiki iliyoyeyuka, na kwa nozeli ya kawaida ya milimita 0.4 kila mstari huwa na upana wa takriban 0.45. Ukuta wa mstari mmoja ni laini sana, lakini kiputo kimoja cha mvuke, au mahali mstari ulipoanzia na kuishia, huwa tundu linalopita upande wa pili. Mistari miwili hufunikana: kasoro ya mmoja huzuiwa na mwenzake. Na kwa kuwa kingo za mistari ni za mviringo na huingiliana kidogo, kwa tabaka za milimita 0.2 mistari miwili haifikii 0.90 bali 0.86, na mitatu hufika 1.26.

Tofauti kati ya 0.86 na 1.26 inaonekana ndogo, lakini ukuta wa mistari mitatu ni mgumu zaidi ya mara tatu. Kati ya vipimo hivyo kuna eneo la kuepukwa. Mbunifu akiandika 1.0, programu ya kuandaa uchapaji ama huacha mwanya katikati ya ukuta, ama, ikitumia mbinu iitwayo `Arachne`, hupanua mistari ijae. Kwa plastiki ngumu mbinu hiyo hufanya vizuri. TPU hunyumbuka ndani ya njia yake na huchelewa kuitikia upana unapobadilika, hivyo ukuta hutoka na mabonde. Ni afadhali kuandika 0.86 tangu mwanzo.

Tuchukue mfano wa kisanduku chenye mfereji wa upana wa milimita 4 na kina cha milimita 2 kuzunguka ukingo. Msingi wa gasketi unakaa ndani ya mfereji, upana 3.6 na kimo 2. Huo hauhitaji kuwa laini. Juu yake unapanda ulimi mwembamba wa kimo cha milimita 3, ulioinama kwa nyuzi 30 kuelekea nje, upande mvua inakotoka. Maji yakisukuma, huubana ulimi kwenye kifuniko badala ya kuunyanyua. Kifuniko kikifungwa kinaacha nafasi ya milimita 2, kwa hiyo ulimi unapinda kwa milimita 1. Vishikio vya skrubu vipandishwe kwa milimita hizo 2 ili mkazaji mwenye nguvu asiuponde.

Hapa pana mtego. Programu hukata umbo kwa tabaka za mlalo, basi 0.86 ipimwe kwa mlalo, si kwa kukingama na ulimi. Ulimi ukiwa umeinama, unene wake halisi unakuwa kama 0.74. Anayepima kwa kukingama hupata takriban 1.0 kwa mlalo, na kurudi kwenye eneo lile la mabonde.

Gasketi ichapwe ikiwa imelala, ili mifuo midogo kati ya tabaka ifuate ulimi badala ya kuukata na kuwa vijito vya maji. Katika PrusaSlicer, mipangilio muhimu ni hii:

```
layer_height = 0.2
perimeters = 2
perimeter_extrusion_width = 0.45
external_perimeter_extrusion_width = 0.45
perimeter_speed = 25
external_perimeter_speed = 25
seam_position = random
```

Mstari wa mwisho hutawanya makovu ya mwanzo wa kila tabaka. Yakipangana juu kwa juu, hufanya mfereji mmoja wa kuvujia.

TPU hunywa unyevu wa hewa, na Aprili ya Kigali ina unyevu wa kutosha. Ukisikia nozeli ikitoa milio kama mafuta ya kukaangia, au ukiona vinyweleo na viputo, simamisha kazi na ukaushe uzi kwa saa kadhaa kwenye nyuzi 50 hadi 60 za Selsiasi.

Kabla ya kukiamini kisanduku, paka ulimi unga wa chaki, funga kifuniko, kisha ufungue. Alama ya chaki kwenye kifuniko iwe mstari usiokatika. Pengo kwenye kona humaanisha kwamba kona ni kali mno. Iviringe kwa nusu kipenyo cha milimita 6 au zaidi. Baada ya hapo weka karatasi kavu ndani na ukimwagie maji.

Kwa bampa ya kukinga kona za kifaa, hesabu ni ile ile: kuta mbili za nje, na ndani ujazo wa asilimia 10 hadi 15 tu. Wengi huongeza ujazo wakidhani wanaongeza kinga, kumbe wanachapa jiwe linalopeleka pigo moja kwa moja kwenye kifaa.

Gasketi hii ni ya kuzuia mvua. Isiwekwe kwenye sufuria ya presha wala kwenye bomba la maji ya moto, kwa maana TPU ikibanwa katika joto husahau umbo lake, na ulimi haurudi tena.