Sanitaiza ya Kupima: Namba ya Lebo na Kilichomo Chupani

Ukichukua chupa ya kitakasa mikono dukani, tafuta kwanza asilimia ya alkoholi. Isiwe chini ya 60. Fomula mbili zinazopendekezwa na Shirika la Afya Duniani zina ethanoli asilimia 80 au isopropanoli asilimia 75. Usivutwe na chupa inayojisifu kuwa na asilimia 99, kwani alkoholi huua vijidudu kwa kuharibu protini zao, na kazi hiyo huhitaji maji kidogo. Alkoholi tupu pia hukauka mikononi kabla haijamaliza kazi.

Kisha soma viungo. Alkoholi inayofaa ni ethanoli au isopropanoli, na lebo iitaje kwa jina. Gliserini imo kwa ajili ya kulainisha ngozi. Uzito wa jeli hutokana na kiungo cha kuizitisha, wala si dalili ya ukali. Ukiona methanoli kwenye orodha, irudishe chupa rafuni.

Lakini lebo husema kweli pale tu chupa inapokuwa haijafunguliwa. Sanitaiza ya kupima, inayomiminwa kutoka kwenye dumu hadi chupa kuukuu ya maji au ya sanitaiza nyingine, haina lebo ya kutegemewa. Chukua dumu la lita 5 lenye alkoholi asilimia 70: ndani yake mna lita 3.5 za alkoholi. Muuzaji akiongeza lita 2 za maji, anapata lita 7, na alkoholi imeshuka hadi asilimia 50. Rangi ni ileile, na matone machache ya manukato yanaficha harufu iliyopungua. Dumu linaloachwa wazi nalo hupoteza nguvu, maana alkoholi huvukiza upesi kuliko maji.

Wapo wanaoijaribu kwa kiberiti. Nawasihi waache. Mchanganyiko wa asilimia 50 nao unaweza kuwaka, kwa hiyo moto hauthibitishi chochote ila unaweza kukuunguza. Dalili zinazosaidia ni zile za nje: kifuniko kisicho na muhuri, lebo iliyobandikwa juu ya nyingine, jina la mtengenezaji, namba ya toleo au tarehe ya mwisho kukosekana. Penye shaka, sabuni na maji vinatosha.

Methanoli ndiyo inayonitia hofu zaidi, kwa sababu pua haiwezi kuitofautisha na ethanoli. Mwaka 2020, huko Arizona na New Mexico nchini Marekani, watu 15 walilazwa baada ya kunywa sanitaiza. Wanne walifariki, na wengine walitoka hospitali wakiwa na kasoro ya kuona. Mwili huigeuza methanoli kuwa asidi inayoshambulia neva za macho, na dalili kali huweza kuchelewa kwa saa nyingi. Mtoto akimeza sanitaiza, mpeleke hospitali papo hapo hata kama anacheza vizuri, na chupa yenyewe uende nayo.